"Una watoto wangapi?": namna ya kujibu ukiwa umefiwa

Mimi ni fundi cherehani, Chikongola, Mtwara mjini. Mteja akija kupimwa gauni, tepu ikiwa kiunoni kwake, yeye hana pa kwenda na mimi sina, basi tunaulizana. Umetokea wapi? Baba watoto anafanya kazi gani? Una watoto wangapi? Hakuna ubaya ndani yake. Huku kwetu asiyeuliza ndiye anayeonekana ana kiburi.

Nimezaa watoto watatu. Wa kwanza, Zuhura, alifariki mwaka 2017 akiwa na miaka 9, tukiwa bado tunaishi Nachingwea. Tulihamia Mtwara mwaka 2019, na hapo ndipo nilipogundua kwamba Nachingwea sikuwahi kuulizwa, maana waliokuja msibani ndio waliokuwa majirani. Mtwara nilianza upya na watu wasiojua chochote. Kwa miezi kadhaa nilijibu ovyo: leo wawili, kesho watatu, siku nyingine nalia mteja bado kanyoosha mikono. Haya ninayoyaandika ni utaratibu niliojitengenezea baada ya kukosea mara nyingi. Nimeyaweka kwa mpangilio ninaoutumia mwenyewe.

Kwanza, tenganisha salamu na swali

"Watoto hawajambo?" ni salamu. Jibu lake ni "hawajambo", halafu unaendelea na safari yako. Mwanzoni nilikuwa nasimama hapo kwenye neno hilo, najiona mwongo. Lakini anayekusalimu haombi hesabu, na walio hai kweli hawajambo. Vivyo hivyo "habari za nyumbani". Usiibebeshe salamu mzigo ambao mwenzio hakuuweka.

Ila ipo salamu moja inayodanganya. Mtu aliyemfahamu mumeo, mmepotezana miaka miwili mitatu, mnakutana sokoni Lindi, anakwambia "shemeji hajambo?" Hiyo inafanana na salamu, lakini anamuulizia mtu anayemjua. Ukijibu "hajambo" ili upite, kesho ataambiwa na mwingine kwamba shemeji yake alishazikwa, na atabaki na aibu ambayo wewe ndiye uliyempa. Hapo sema palepale: "Shemeji yako hatunaye, ni mwaka jana mwezi wa tatu." Ukitaja na wakati, unamwokoa kuuliza "lini?", ambalo ndilo swali la pili siku zote.

Pili, mpime mtu kabla hujajibu: wa safari, wa msimu au wa mtaa

Hapa ndipo penye kazi yote. Usianze na swali la "je, niseme ukweli?" Anza na "huyu nitakuwa naye muda gani?"

Mtu wa safari ni yule wa kwenye basi. Basi la Dar linaondoka Mkanaledi alfajiri na mpaka Mbagala ni kutwa nzima, umekaa bega kwa bega na mtu usiyemjua. Mkifika Mikindani ameshakuuliza una watoto wangapi. Ukimwambia hapo kuhusu marehemu na akawa mtu wa maneno mengi, utakula naye hayo maneno Mnazi Mmoja, Nangurukuru, Somanga, mpaka daraja la Mkapa, na huwezi kushuka. Kwa hiyo mtu wa safari nampa jibu fupi: "Nyumbani ninao wawili."

Litazame hilo jibu vizuri, maana nililitafuta kwa muda mrefu. Sikusema "nina watoto wawili". Sentensi hiyo inamfuta Zuhura, na mimi nikiisema huwa silali vizuri. "Nyumbani ninao wawili" ni kweli tupu: walio nyumbani ni wawili. Anayesikiliza haoni tofauti, lakini wewe unaiona, na jibu hilo ni kwa ajili yako. Kama mmepatana njiani na unaona ni mtu wa kuambiwa, mwambie mkishafika Kibiti. Hapo safari imebaki kidogo, na yeye atakuwa na mahali pa kusema pole bila kuchimba.

Mtu wa msimu ni yule mtakayekuwa naye wiki au miezi, kisha kila mmoja anakwenda zake. Kwa huku kwetu msimu wenyewe unajulikana: kuanzia Oktoba, korosho zikishaanza kuletwa ghalani, watu wanakaa kwenye foleni ya chama cha ushirika, AMCOS, na magunia yao tangu asubuhi, wanajuana, wanaazimana chai. Wanaobangua kwenye vikundi ndio kabisa, mnakaa duara moja siku nzima, mikono inafanya kazi na midomo imebaki huru. Huyu mwambie ukweli, lakini kwa sentensi moja iliyofungwa. Nitaeleza namna ya kuifunga.

Mtu wa mtaa ni jirani, mwenzako wa kikoba, mwalimu wa mtoto, mteja wa kudumu. Huyu aambiwe mapema, swali la kwanza au la pili. Mimi nilikosea hapa, na kosa lenyewe nalisimulia.

Tulipohamia, jirani wa mlango wa pili alikuja na bakuli la mihogo kunikaribisha. Akaniuliza lile swali la kila mahali, "wewe ni mama nani, nikuite?" Nachingwea nilikuwa Mama Zuhura tangu nikiwa na miaka 22, hakuna aliyejua jina langu jingine. Nilitazama yale mihogo, nikasema "Mama Hamisi". Hamisi ndiye wa pili. Nikawa Mama Hamisi mtaa mzima.

Miezi minne baadaye dada yangu alikuja kunitembelea. Alipofika kichochoroni, badala ya kupiga hodi akapaza sauti, "Mama Zuhura! Mama Zuhura weee!" Majirani watatu walikuwa barazani. Niliitika, ningefanyaje? Jioni ile ile jirani wa mihogo akaniuliza taratibu, "Kumbe una binti mkubwa? Umemwacha kwa nani?" Na mwingine, nikaja kusikia baadaye, alishasema kwamba nimezaa nje kabla ya ndoa na namficha mtoto asijulikane kwa mume. Sikumlaumu sana. Mtu akikuta pengo kwenye hesabu ya mwenzake atalijaza na alichonacho.

Hivyo ndivyo jibu la mtu wa safari linavyoharibika ukimpa mtu wa mtaa. Mtaani jina lako la kwao litafika tu, likibebwa na dada, shangazi, au simu iliyowekwa spika.

Kulirekebisha kulikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Nilingoja siku tuko wawili, tunachambua mchele. Nikamwambia, "Jirani, ile siku ya mihogo nilikujibu nusu. Nimezaa watatu. Zuhura ndiye wa kwanza, alifariki tukiwa Nachingwea. Nilikuwa bado siwezi kulitaja jina mbele ya mtu mgeni." Akaacha ungo. Akasema, "Pole mwenzangu. Sasa nikuite nani?" Nikamwambia Mama Hamisi limeshazoeleka, abaki nalo. Basi mpaka leo nina majina mawili: Nachingwea ni Mama Zuhura, Mtwara ni Mama Hamisi, na anayeniita la kwanza hapa mjini najua katoka kwetu. Kama wewe unataka jina la marehemu liendelee kukuita, sema siku ya kwanza, maana jina likishakaa mtaani halitoki.

Tatu, tengeneza sentensi yako ukiwa peke yako

Usingoje kuulizwa ndipo utafute maneno. Sentensi yangu ina vipande vitatu: hesabu, habari, na mkia. "Nimezaa watatu, wa kwanza alifariki akiwa na miaka 9, hawa wawili mmoja yuko la tano, mwingine bado mdogo." Huo mkia ndio unaoifunga sentensi. Bila mkia mwenzio anabaki ameshika kifo mkononi, hajui akiweke wapi, na hapo ndipo anapoanza kuuliza alikuwa anaumwa nini. Ukimpa mkia, anaushika: "Oo, wa la tano anasoma wapi?" Umeshavuka.

Hesabu hii, nikiri, nilifundishwa na karani wa sensa ya Agosti 2022. Alikaa kwenye kiti cha wateja akaniuliza bila kubadilisha sauti: watoto wangapi umezaa wakiwa hai, wangapi unaishi nao, wangapi wanaishi kwingine, wangapi wamefariki. Kwa mara ya kwanza swali lilikuwa na nafasi ya kila mtu. Nikaona kumbe shida haikuwa idadi. "Una wangapi" linakulazimisha kuchagua, "umezaa wangapi" halikulazimishi. Tangu hapo mtu akiniuliza "una wangapi", mimi najibu "nimezaa watatu", na kitenzi kile kinafanya kazi peke yake.

Maneno yachague. "Alikufa" kwa mtu ni kavu, wengi wetu hatulitumii kwa marehemu wetu. "Alifariki", "alitangulia", "hatunaye", haya yote yanaeleweka mara moja. Angalia sana "nilimpoteza mtoto". Nililitumia mara moja kwenye basi nikiiga watu wa redioni, na mama niliyekaa naye akashtuka, "Alipotelea wapi? Mlitangaza?" Alidhani mtoto amepotea stendi. Ilibidi nianze upya kumweleza mgeni kwamba mtoto hakupotea. Kwa aliyezaliwa akafariki siku chache, au aliyezaliwa tayari amefariki, watu wetu wana neno jepesi: "nilijifungua, hakukaa." Linatosha, na mwanamke mwenzio hatakuuliza zaidi.

Kisha itakuja "pole". Ipokee: "Asante, tumeshapoa." Jibu hilo halimaanishi kwamba umepona. Ni mlango unaofungwa kwa adabu, kila mtu hapa analijua. Ukilisema, rudisha swali hapo hapo, usiache ukimya. Hivi ndivyo ilivyokwenda msimu uliopita kwenye foleni ya ghala, na mzee mmoja aliyekaa juu ya gunia lake:

"Binti, una wajukuu wangu wangapi?"

"Nimezaa watatu, baba. Wa kwanza alitangulia, hawa wawili wananisumbua huko nyumbani."

"Aa, pole sana binti yangu."

"Asante baba, tumeshapoa. Na korosho za safari hii kwenu zimekubali?"

Akaanza kunieleza habari za ugonjwa wa ubwiri unga kwenye mikorosho yake, na salfa iliyochelewa kufika. Hakurudi kwangu tena.

Nne, patana na mwenzio

Kama mume au mke yupo, mkubaliane hesabu kabla ya kutoka. Sisi tulialikwa harusi Mikindani, meza moja na wageni, tukaulizwa. Mimi nikasema "wawili" na yeye kwa sauti ile ile "watatu". Wageni wakacheka, wakadhani ni utani, mmoja akamwambia mume wangu "huyo wa tatu wa wapi, bwana?" Tulirudi nyumbani hatusemeshani. Yeye anataka Zuhura atajwe kila mahali, mimi naweza kumkalia kimya kwenye harusi. Tulichopatana ni hiki: tukiwa wawili, anajibu yeye. Watoto nao wapewe jibu lao, kwa sababu shuleni wanaulizwa "mko wangapi kwenu?" Hamisi tulimwambia yuko huru kusema watatu au wawili, na vyovyote atakavyosema hatutamrekebisha mbele za watu.

Tano, aliyefiwa na mume: "hayupo" ni neno la kutumia kwa akili

Haya ni ya wifi yangu, anayekaanga samaki Lindi. Alipokuwa kwenye eda, miezi 4 na siku 10, nguo nyeupe zilimjibia. Hakuna aliyemuuliza. Alipotoka eda akavaa dira lake la kawaida, maswali yakaanza: "Baba watoto yuko wapi?"

Alijibu "hayupo", akiona amesema kweli bila kueleza. Lakini kusini hii, mwanamume ambaye hayupo anaaminika yuko Dar, Kariakoo, anatafuta. Swali linalofuata ni "anarudi lini?" Sasa ama udanganye ama ueleze, na umeshachelewa. "Hayupo" itumie, anasema wifi, kwa mtu mmoja tu: mwanamume anayeuliza huku anakuangalia hivi. Huyo ukimwambia "mimi mjane" unamfungulia mlango. "Hayupo, amesafiri" umeufunga, na kwa mtu wa namna hiyo wifi haijali dhambi ya uongo. Kwa wengine wote anasema moja kwa moja, "Baba watoto alifariki, sasa niko na watoto na hii karai." Karai la samaki ndilo mkia wake.

Akija wa kuuliza "huolewi tena?", wifi hucheka akasema "wewe umeniletea mchumba?" Kwa mwanamume aliyefiwa na mke ni tofauti kidogo. Yeye huulizwa "mama watoto hajambo?" na akisema amefariki, kabla pole haijakauka anatajiwa jina la binti wa mtu. Kwenye fomu, kama kuna neno mgane, ndilo lake. Pasipokuwepo anaandikwa mjane tu, asishangae.

Sita, maswali ya kuchimba

"Alikuwa anaumwa nini?" Mtu wa mtaa anastahili neno moja: "homa", "moyo", "ajali". Mtu wa safari: "Siku zake zilifika." Jibu hili ni zito, Mwislamu na Mkristo wote wanalipokea, na halina sehemu ya kushika ili avute tena. Nalipenda zaidi kwa wale wanaoinamisha sauti na kukuuliza kama hukuhisi mkono wa mtu. Ukimjibu "hapana" anataka kukushawishi, ukimjibu "labda" umeshamtaja jirani yako bila kumtaja. "Siku zake zilifika", halafu simama, kachukue maji.

"Si una wengine, Mungu atakupa mwingine." Hapa sina jibu zuri. Nasema "amina", kwa sababu kubishana kunanichosha kuliko kunyamaza.

Mwisho, mahali ambapo utaratibu huu wote unawekwa pembeni

Kliniki. Muuguzi akikuuliza hii ni mimba ya ngapi, umezaa wangapi, walio hai wangapi, mpe hesabu kamili, pamoja na zilizotoka na aliyezaliwa akiwa amefariki. Haulizi ili akujue. Mtoto aliyewahi kuzaliwa amefariki, upasuaji, au kutoka damu nyingi baada ya kujifungua, hayo ndiyo yanayomfanya aandike kwenye kadi kwamba ukajifungulie hospitali badala ya zahanati ya karibu, na uanze kujipanga kwa nauli mapema. Wanawake wengi wanapunguza hesabu hapo kwa sababu mama mkwe amekaa benchi lile lile, au mume wa sasa hajui habari za mtoto wa zamani. Kama ndivyo ilivyo kwako, jibu lolote mbele yao, kisha ukiingia kupimwa tumbo mwambie muuguzi mkiwa wawili, "Dada, pale nje nilisema mimba ya pili. Ni ya tatu. Wa kwanza hakukaa." Atarekebisha kadi. Na kama kadi yenyewe inasomwa nyumbani, mwambie hilo pia, mjadiliane aandike vipi.